Fedha za Marehemu Zilizo Benki: Njia Inapita Mahakamani, na Hapa Ndipo Inapokwama

Familia nyingi Tanzania Bara hugundua baada ya arubaini kwamba akaunti ya marehemu wao haiguswi. Mjane anafika kwenye tawi akiwa na cheti cha ndoa, kadi ya benki ya mumewe na cheti cha kifo, na karani anamwambia kwa upole kuwa hawezi hata kumtajia salio. Hujiona ametukanwa, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba yeye ni mke. Tatizo ni kwamba anajibu swali ambalo benki haikumuuliza.

Fedha zilizo kwenye akaunti ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja wake. Mteja akifa, deni halifi, lakini aliyekuwa na haki ya kulidai hayupo tena. Benki ikimlipa mke, kesho akatokea mtoto, mama mzazi au mke mwingine, inaweza kudaiwa mara ya pili. Kwa hiyo haimtafuti mrithi. Inamtafuta mtu ambaye akisaini kwamba amepokea, deni limekwisha na hakuna mwingine wa kuja kulidai. Kisheria mtu huyo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au, pale marehemu alipoacha wosia, msimamizi aliyetajwa humo na kuthibitishwa na mahakama. Karatasi zote zinazodaiwa katika safari hii zipo kwa ajili ya kumpata mtu huyo mmoja. Anayelielewa hilo mapema huokoa miezi, kwa sababu sehemu kubwa ya ucheleweshaji hupandwa katika wiki za mwanzo, kabla hata jalada halijafika benki.

Makala hii inashughulikia hali inayowapata wengi zaidi: marehemu hakuacha wosia, mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, na shauri linafunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar ina utaratibu wake, unaohusisha Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mahakama ipi, na ya wapi

Kosa la kwanza ni la mahali. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, katika Jedwali lake la Tano, inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kushughulikia mirathi pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Hoja ni alipoishi. Alipozikwa, lilipo tawi la benki au wanapoishi watoto si hoja. Familia inayomzika baba kijijini Rombo huku akiwa ameishi Mbagala kwa miaka 20 huona rahisi kufungua shauri palepale Rombo, ukoo ukiwa bado umekusanyika. Hati wanaipata, lakini inabaki na ufa. Siku ndugu mmoja akikasirika na kuipinga, uteuzi mzima unaweza kutenguliwa kwa kukosa mamlaka, na kila kilichojengwa juu yake kikaanza upya.

Kosa la pili linahusu sheria gani inatumika. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo, hutazamwa namna alivyoishi: je, maisha yake yalionyesha kwamba alifuata mila za kabila lake, au alikuwa ameziacha? Akionekana kuziacha, shauri lake ni la Mahakama ya Wilaya kwa mirathi midogo, au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi, Sura ya 352. Kumuuliza karani wa mahakama jambo hili kabla ya kujaza fomu yoyote ni bora kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kwenye pingamizi.

Karatasi, na kila moja inajibu nini

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kibali cha mazishi na taarifa ya hospitali si cheti. Ni nyaraka zinazokuwezesha kukipata. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Baada ya hapo bado kinaandikishwa, ila kwa maelezo ya ziada na ada ya kuchelewa. Kwa aliyefia nyumbani, safari huanza kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, na hapo ndipo wengi hupoteza wiki kadhaa kwa sababu hawakutoa taarifa mapema.

Barua ya serikali ya mtaa au kijiji huthibitisha kwamba marehemu aliishi pale, na hivyo kwamba mahakama ya eneo hilo ina mamlaka.

Muhtasari wa kikao cha familia au ukoo ndio karatasi yenye historia ya kipekee. Kanuni za usimamizi wa mirathi za Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, haziutaji. Ni desturi iliyoota mizizi: mahakama huuomba ili kuona kama warithi wanafahamiana na wamekubaliana nani asimamie. Ukiandikwa vizuri, unaokoa muda. Unatakiwa uonyeshe tarehe ya kikao, waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, majina ya warithi wote wakiwemo walio mbali na walio watoto, mali zinazojulikana, na jina la anayependekezwa, kisha saini za wote. Ukiandikwa ovyo, unazaa ugomvi. Tena ukoo haumteui msimamizi. Unapendekeza tu, na mahakama ndiyo inayoteua. Mjane au binti mtu mzima ana maslahi katika mirathi na anaweza kuomba yeye mwenyewe, hata kama kikao kilimpendekeza baba mdogo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wajane wengi hukaa kimya wakiamini kwamba bila baraka ya ukoo hawana mlango.

Zikiwa tayari nyaraka hizo, pamoja na kitambulisho cha mwombaji, anajaza Fomu Namba I, ambayo ni maombi yenyewe. Mahakama hutoa tangazo, likabandikwa kwenye ubao wake na kwenye ofisi ya mtaa, na mara nyingine likachapishwa gazetini, ili mwenye kudai au kupinga ajitokeze. Muda wa kusubiri huandikwa kwenye tangazo lenyewe. Siku ya kusikilizwa, mwombaji hufika na warithi, hakimu anawahoji, mwombaji anasaini hati ya dhamana pamoja na wadhamini wake, na asipokuwapo mpingaji hupewa Fomu Namba IV. Hii ndiyo hati ya usimamizi, ile ambayo watu mitaani huiita kwa kifupi “fomu namba nne”.

Majina mawili ya mtu mmoja

Hapa ndipo panapotesa watu kuliko mahali pengine popote. Benki husoma jina herufi kwa herufi. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, akaunti iliyofunguliwa zamani ina mawili, cheti cha kifo kimeandikwa na ndugu aliyelijua jina la nyumbani tu. Hakimu anatoa hati kwa jina lililo kwenye cheti cha kifo. Benki inaitazama, inatazama akaunti, na inasema huyu si mteja wetu.

Wakati huo marekebisho ni magumu. Marehemu hawezi kuapa kuhusu majina yake, na hati ya kubadili jina ni ya walio hai. Kinachobaki ni kiapo cha msimamizi kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na mara nyingi kurudi kwa hakimu kuomba hati irekebishwe. Dawa yake iko mwanzoni na haigharimu kitu. Kabla ya kwenda RITA, tafuteni kadi ya benki, hati ya malipo ya mshahara, mkataba wa mkopo na kitambulisho, muyaweke majina yote mezani. Panapotofautiana, Fomu Namba I iandikwe jina la cheti cha kifo, kisha maneno “ambaye pia alijulikana kwa jina la”, na jina lile lililoko benki. Hakimu akiridhika, hati itabeba yote mawili, na benki haitakuwa na la kuuliza.

Salio ambalo hakuna anayelijua

Mahakama inataka kujua mali za marehemu. Benki haitaji salio kwa asiye na hati. Familia nyingi hukwama kati ya milango hii miwili, kila mmoja ukiwaelekeza kwenye mwingine. Njia ya kutokea ipo: mwombaji anaiomba mahakama iiandikie benki barua ya kuuliza kama marehemu alikuwa na akaunti na ina kiasi gani. Benki itaijibu mahakama, si familia. Maombi yenyewe hayahitaji kusubiri jibu hilo, kwani katika Fomu Namba I inatosha kutaja kwamba kuna akaunti katika benki fulani, tawi fulani. Kiasi halisi kitakuja kuandikwa kwenye Fomu Namba V, orodha ya mali na madeni ambayo msimamizi huiwasilisha mahakamani baada ya kuteuliwa.

Msimamizi akishapata hati, benki humtaka alete nakala halisi ya Fomu Namba IV, cheti cha kifo, kitambulisho chake, picha zake, na barua ya mahakama kwa meneja wa tawi. Tawi halilipi siku hiyo. Huihakiki hati kwa kuwasiliana na mahakama, kisha hupeleka jalada kwenye kitengo cha sheria makao makuu. Barua ya mahakama isiyokuwa na namba ya shauri, au yenye mhuri uliofifia, inaweza kulirudisha jalada mara moja. Likikamilika, fedha huhamishwa kufuatana na amri ya mahakama: ama kwenye akaunti ya mirathi aliyoifungua msimamizi, ama kwenye akaunti ya mahakama, ambapo warithi hulipwa baada ya mgawo kuwasilishwa. Njia hii ya pili inampa mrithi mdogo ulinzi zaidi, lakini huongeza subira, hasa pale ambapo baadhi ya warithi hawajafungua akaunti zao.

Kuna anayeamini kwamba njia hii ndefu inarukwa kwa namba ya siri. Kadi ipo, namba inajulikana, mashine iko kona ya pili. Lakini haki ya kutoa fedha ile ilikwisha na uhai wa mwenye akaunti. Taarifa ya akaunti itaonyesha tarehe na saa ya kila muamala, na cheti cha kifo kitaonyesha tarehe ya kifo. Mrithi mwenzako ataziweka mbele ya hakimu bega kwa bega, na hata kama fedha zilinunua sanda na chakula cha msiba, wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Vivyo hivyo, jina lililoandikwa kwenye fomu ya benki kama ndugu wa karibu humsaidia karani kujua nani apigiwe simu. Halimpi mwenye jina hilo fedha. Akaunti ya pamoja ni suala la mkataba: someni maelekezo yaliyosainiwa siku ya kuifungua, kwani huko ndiko kulikoandikwa kama aliyebaki anaweza kuendelea kutoa.

Mfano mmoja kwa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi, Mwislamu, aliyeishi Kilosa, anafariki Februari. Ameacha mke, mama mzazi, watoto wa kiume 2 na wa kike 1. Mmoja wa watoto ana miaka 11. Mke anaandikisha kifo ndani ya mwezi, anakuta akaunti ina majina mawili huku kitambulisho kikiwa na matatu, na anayaandika yote kwenye maombi. Shauri linafunguliwa Machi, tangazo linatoka, hakuna mpingaji, na katikati ya Aprili anapata Fomu Namba IV.

Benki inajibu kwamba kuna shilingi 8,750,000, na kwamba marehemu alikuwa na mkopo wa mshahara uliobaki shilingi 3,100,000. Msimamizi asiyejua angekubali mkopo ukatwe na kuondoka na kilichobaki. Lakini mikopo mingi ya mishahara huwa na bima ya mkopo, ambayo malipo yake hukatwa siku mkopo unapotolewa, na kazi yake ni kulipa salio mkopaji akifa. Mke anaomba nakala ya mkataba, anakiona kifungu cha bima, anapeleka cheti cha kifo na kujaza fomu ya madai. Kampuni ya bima inalipa benki, na akaunti haiguswi. Madai ya bima huwa na muda wake wa kuwasilishwa, kwa hiyo swali hili linatakiwa kuulizwa siku ya kwanza benki inapopewa taarifa ya kifo, bila kusubiri hati ya mahakama.

Taarifa ya akaunti inaonyesha pia kwamba mshahara wa shilingi 850,000 uliingia Machi, mwezi mmoja baada ya kifo. Fedha hiyo si ya marehemu; mwajiri alichelewa kumwondoa kwenye orodha, na itarudishwa. Inabaki 7,900,000. Kuna deni la hospitali la 550,000, na gharama za usimamizi zenye risiti, yaani tangazo, nakala na nauli, 150,000. Sheria inamtaka msimamizi akusanye mali, alipe madeni na gharama, kisha ndipo agawe. Kinachogawanywa ni 7,200,000.

Kwa sheria ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata moja ya nane: 900,000. Mama hupata moja ya sita: 1,200,000. Zinabaki 5,100,000 kwa watoto, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, hivyo ni mafungu 5 ya 1,020,000. Kila mtoto wa kiume anapata 2,040,000 na wa kike 1,020,000. Jumlisha: zinarudi 7,200,000 kamili. Fungu la mtoto wa miaka 11 haliingii mfukoni mwa msimamizi. Linawekwa kwenye akaunti kwa jina lake, chini ya mlezi, na hakimu huulizwa namna ya kulitumia kwa matunzo yake.

Benki inalipa Julai. Tangu kifo imepita miezi 5, na hii ni safari iliyokwenda vizuri. Cheti kingechelewa, jina lingekosewa na mrithi mmoja angepinga, hesabu ileile ingeweza kufanywa mwaka wa pili.

Ucheleweshaji kabla na baada ya kulipwa

Pingamizi ndilo linaloongoza kwa kula muda. Mara nyingi halitokani na tamaa. Hutokana na jina lililoachwa nje ya Fomu Namba I: mke wa pili, mtoto aliyezaliwa kwingine, dada aliyeolewa mbali. Kumtaja mtu kwenye orodha hakumpi fungu asilostahili, kwani haki yake hupimwa kwa sheria inayotumika. Kumficha ndiko kunakompa sababu ya kuomba uteuzi utenguliwe, na kumweka msimamizi mahali pa kujibu kwa nini aliidanganya mahakama. Dalili ya pingamizi linalokuja huonekana mapema: ndugu anayekataa kusaini muhtasari bila kutoa sababu. Huyo asikilizwe, na jina lake na hoja yake ziandikwe, kabla tangazo halijabandikwa.

Ucheleweshaji mwingine hauonekani kwa sababu hauko benki wala mahakamani. Uko kwa msimamizi. Amelipwa, amekaa kimya, warithi wanaambiwa benki bado inashughulikia. Kanuni za 1971 zinamtaka awasilishe Fomu Namba V, orodha kamili ya mali na madeni, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baadaye huwasilisha Fomu Namba VI, hesabu inayoonyesha kilichoingia, kilicholipwa na nani amepata nini. Katika mfano wetu, Fomu Namba V ilitakiwa kufika kabla ya katikati ya Agosti.

Mrithi hahitaji kumbembeleza msimamizi. Anakwenda mahakama ileile akiwa na namba ya shauri, anaomba kuona kama Fomu Namba V ipo kwenye jalada, na kama haipo anaandika malalamiko kwa hakimu. Mahakama inaweza kumwita msimamizi ajieleze, na kwa sababu ya msingi inaweza kumwondoa na kuteua mwingine, hata mtu wa nje ya familia mwenye heshima na asiye na upande. Namba ya shauri ni haki ya kila mrithi kuijua. Iandikwe kwenye simu za wote siku ileile shauri linapofunguliwa.

Fedha za kwenye simu, ziwe M-Pesa au Airtel Money, hudaiwa kwa hati hiyohiyo ya usimamizi, kwa hiyo laini ya marehemu isitupwe wala kuachwa ifungiwe kabla hazijatajwa kwenye maombi. Ikiwa ni lazima kuchagua jambo moja la kufanya katika wiki ya kwanza baada ya msiba, liwe hili: watu wawili wasiohusiana na ugomvi wowote wa ukoo wakusanye nyaraka za marehemu, waandike majina yote kama yalivyo kwenye kila karatasi, akaunti zote, mikopo yote na warithi wote, na kila mrithi apate nakala. Orodha hiyo ndiyo itakayojaza Fomu Namba I, ndiyo itakayokaguliwa dhidi ya Fomu Namba V, na ndiyo itakayomlinda msimamizi mwaminifu siku atakapoulizwa fedha zimekwenda wapi.